Mkatoliki na Mwislamu: barua kwa padri kabla ya ndoa ya Lubumbashi

Wa Kamalondo, aliye Liège:
Bandugu, salamu. Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu ni Mwislamu. Sote ni watu wa Lubumbashi, tunaishi Liège, na tunataka kufunga ndoa nyumbani mwezi wa nane. Padri mmoja wa kule tunafahamiana naye, tumemwandikia hivi: "Baba, tunaomba utufungishe ndoa. Dini zetu ni tofauti lakini tumeshakubaliana." Inatosha?

Wa Katuba, aliye Lyon:
Dada, huyo mwanamume lazima abatizwe kwanza, la sivyo hakuna padri atakayewapokea. Na shehe naye atakutaka usilimu.

Wa Ruashi, katekista, Bruseli:
Kaka, Kanisa halimlazimishi Mwislamu kubatizwa. Na shehe anaweza kumwozesha Mwislamu mwanamke Mkristo bila mwanamke huyo kusilimu. Mashehe kwa kawaida hukataa kinyume chake: mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Hapo ndipo bwana harusi huambiwa asilimu.

Dada, barua yenu haikusema jambo ambalo padri analihitaji kuliko yote: kwamba mchumba wako hakubatizwa. Hicho ni kizuizi cha ndoa, kiko katika kanuni ya 1086 ya Sheria ya Kanisa, na mwenye kukiondoa ni askofu. Padri akiwafungisha kwa urafiki tu bila ruhusa hiyo, jina litaandikwa kitabuni na picha zitapigwa, lakini mbele ya Kanisa hapatakuwa na ndoa.

Tena barua imeenda kwa mtu asiye wa kuanza naye. Mnaishi Liège, basi paroko wa mtaa wenu ndiye anayefungua faili na kuomba ruhusa kwa askofu wake. Karatasi zikikamilika zinapelekwa Lubumbashi kupitia ofisi ya askofu. Rafiki yenu anaweza kuwafungisha, ila kama si paroko wa pale, paroko ampe idhini. Ningeandika hivi:

"Baba Paroko, mimi nilibatizwa na kupata kipaimara Lubumbashi. Mchumba wangu ni Mwislamu, hakubatizwa, na hajawahi kuoa, si kwa serikali komine, si kwa nikaha, si kwa mila. Tunaomba utufungulie faili na utuombee ruhusa ya askofu. Tunapenda ndoa ifanyike Lubumbashi mwezi wa nane. Ahadi ninayotakiwa kutoa kuhusu watoto naijua, naye ameisikia."

Maneno "si kwa nikaha" yaandikeni tu kama ni kweli. Mtu aliyeoa kwa nikaha akatoa talaka, kwa Waislamu yuko huru. Kanisa halimhesabu huru kwa talaka hiyo, litaichunguza kwanza ndoa ya awali. Jambo hilo likijitokeza wiki mbili kabla ya harusi, ukumbi umeshalipwa na familia zimeshakata tiketi, faili linasimama.

Wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, aliye Paris:
Na mimi je? Ni Mmetodisti, mchumba ni Mkatoliki. Tunangoja askofu miezi mingapi?

Wa Ruashi:
Mama, wewe umebatizwa, kwa hiyo kizuizi hicho hakikuhusu. Mnahitaji ruhusa ya ndoa mseto tu, ambayo ni nyepesi zaidi. Mwulize paroko wa mchumba wako, na uwe na cheti chako cha ubatizo.

Wa Katuba:
Basi dada afanye padri asubuhi, shehe jioni, familia zote zifurahi.

Wa Ruashi:
Hapo ndipo wengi hukwama. Kanuni ya 1127 inakataza kufunga ndoa ya dini mara mbili, kabla au baada, na inakataza padri na shehe kuuliza kukubali kwenu pamoja. Shehe anaweza kualikwa na kukaa mbele, lakini anayeuliza ni mmoja. Kama upande wa mwanamume hawawezi kabisa kuiacha nikaha, semeni katika barua hiyo hiyo ya kwanza. Kwa sababu nzito askofu anaweza kuruhusu ndoa ifungwe kwa njia nyingine ya hadharani, kisha iandikwe parokiani. Ruhusa hiyo haiombwi baada ya nikaha kupita.

Wa Kamalondo:
Asante, baba. Kuna moja. Ahadi ya watoto: baba mkwe anasema watoto ni Waislamu, ni damu yake.

Wa Ruashi:
Anayeahidi ni wewe, kwamba utafanya kila uwezalo wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mchumba haweki ahadi yoyote, anajulishwa tu. Lakini msijulishane kwa nusu. Paroko atawauliza pamoja, na mchumba akiinamisha kichwa ofisini, paroko ataona. Mimi ningelizungumza na baba mkwe kabla ya kutuma barua.

Wa Katuba:
Wakifunga Ubelgiji badala ya nyumbani?

Wa Ruashi:
Ndoa ya komine kwanza, ya dini baadaye. Sheria ya huko inataka hivyo.

Wa Kamalondo:
Nimemwomba ndugu yangu aniletee cheti kipya cha ubatizo, maana kile cha zamani hakionyeshi kama nimeolewa au la. Habari ya watoto bado hatujaelewana. Barua itangoja.