Nyekundu na kijani naziona rangi moja. Nimewasha Contrast themes, rangi za Excel zimetoweka kabisa

Mtunza_Stoo

Wadau, habari zenu. Nina upofu wa rangi tangu kuzaliwa, nyekundu na kijani zinanichanganya sana. Kazini nafuatilia mzigo wa stoo kwenye Excel. Faili analiandaa mwenzangu: bidhaa ambayo ipo ya kutosha anaipaka kijani, iliyopungua anaipaka nyekundu. Mimi seli zote naziona zimefifia rangi ileile, kwa hiyo nabaki kusoma namba mojamoja mpaka mwisho wa jedwali.

Kwenye Windows 11 nikaingia Settings, kisha Accessibility, nikakuta Contrast themes, nikachagua Night sky. Maandishi yanasomeka safi kabisa, lakini zile seli zimepoteza rangi zote, zimebaki nyeusi tupu. Nikiweka Desert, zinabaki bila rangi vilevile. Kuna mahali pa kurekebisha, au Excel yangu ina hitilafu?

Kaka_Kibodi

Pole mkuu. Contrast themes achana nayo. Palepale Accessibility kuna Color filters, ingia humo uchague Grayscale. Kama rangi zinakuchanganya, ziondoe zote ubaki na weusi na weupe, hapo huwezi tena kudanganyika.

Fundi_Nuru

Mtunza_Stoo, Excel yako ni nzima. Contrast themes inafuta rangi ambazo programu imejiwekea na kulazimisha chache za kwake: moja ya maandishi, moja ya mandharinyuma, moja ya viungo na kadhalika. Imelengwa hasa kwa mtu ambaye uoni wake ni hafifu, anayetaka herufi zijitenge na kilicho nyuma yake. Rangi ya seli ni mandharinyuma, kwa hiyo inafutwa. Hata kwenye kurasa za wavuti utakuta vipande vya rangi vimepotea kwa sababu hiyohiyo. Izime kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja.

Kaka_Kibodi amekuelekeza mlango sahihi, ila kichujio sicho. Mwenye tatizo la nyekundu na kijani, bluu na njano anaziona vizuri. Grayscale inamnyang'anya hata hizo. Unachotaka ni kichujio kinachochukua tofauti iliyopo kati ya nyekundu na kijani na kuisukuma upande wa bluu na njano, ambako jicho lako bado linafanya kazi.

Ingia Color filters, washa, utaona Red-green mbili: moja ya green weak, nyingine ya red weak. Ili kukisia ipi ni yako, andika neno kwa nyekundu kali juu ya rangi nyeusi. Likionekana limezama gizani wakati wengine wanalisoma bila shida, anza na red weak. Likiwa na mwanga wa kawaida, anza na green weak. Lakini usiishie hapo. Fungua faili lako la kazini kando ya dirisha la Settings, badilisha kichujio huku unatazama seli zako mwenyewe. Kinachozitenganisha ndicho chako.

Mama_Mchoraji

Mimi macho yananiuma jioni, nikawasha Night light na nimepata nafuu kubwa. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kuhangaika na vichujio.

Fundi_Nuru

Dada yangu, Night light inapunguza bluu ili skrini iwe na joto la njano. Wewe inakufaa, lakini kwa mwenzetu bluu ndiyo anayoitegemea. Akiwasha vyote viwili, kimoja kinaongeza tofauti upande wa bluu na kingine kinaipunguza. Mtunza_Stoo, unapojaribu vichujio hakikisha Night light imezimwa, la sivyo utadhani kichujio hakifanyi kazi.

Mtunza_Stoo

Asanteni sana. Green weak ndiyo yenyewe. Nimepaka seli mbili kwa majaribio, nyekundu kali na kijani kali, zimeachana waziwazi. Kwenye faili la mwenzangu ndiko kuna shida: tofauti ipo, lakini ni ndogo mno, lazima nikodoe macho. Nikampigia picha ya skrini kumwonyesha ninavyoona, akasema yeye haoni mabadiliko yoyote.

Fundi_Nuru

Picha ya skrini haibebi kichujio. Kinapakwa mwishoni kabisa, picha ikiwa inaelekea kwenye kioo, na faili halijaguswa. Mwite aje atazame kwenye mashine yako.

Hizo seli nadhani ni zile rangi za Excel yenyewe, Good na Bad. Kijani chake ni C6EFCE na nyekundu ni FFC7CE, zote zimepauka karibu kuwa nyeupe. Kichujio kinakuza tofauti iliyopo, na hapo iliyopo ni ndogo. Mwombe abadilishe: iliyopo ya kutosha aipe bluu 0072B2 yenye maandishi meupe, iliyopungua aipe chungwa E69F00 yenye maandishi meusi. Hizo utazitofautisha hata kichujio kikiwa kimezimwa.

Kilicho bora zaidi ni alama. Chagueni safu ya idadi, ingieni Home, Conditional Formatting, Icon Sets. Msichukue Traffic Lights, kwa sababu ni viduara vya umbo moja vinavyotofautiana kwa rangi tu, mtarudi palepale. Chukueni seti yenye tiki, mshangao na msalaba. Kisha fungueni Manage Rules, Edit Rule, na kwenye Type mbadilishe Percent iwe Number. Watu wengi wanaruka hapo, halafu wanashangaa bidhaa yenye mzigo mwingi inapata msalaba. Mfano, tiki kuanzia 50, mshangao kuanzia 20, chini ya hapo msalaba.

Na hapa Grayscale ya Kaka_Kibodi ina kazi yake. Mwenzako akimaliza, aiwashe kwa muda kwenye mashine yake. Akiweza kusoma jedwali bila rangi, na wewe utalisoma.

Kaka_Kibodi

Nimekuelewa Fundi. Ila akishapata kichujio chake si akiache kimewashwa moja kwa moja? Kuzima na kuwasha kila saa ni usumbufu.

Mama_Mchoraji

Inategemea kazi. Mimi nahariri picha, na mtu akinitumia picha aliyoisahihisha huku kichujio kimewashwa, ngozi za watu zinafika kwangu zikiwa na rangi za ajabu. Kwa picha lazima kizimwe.

Fundi_Nuru

Sahihi. Kwenye ukurasa huohuo wa Color filters washa Keyboard shortcut for color filters, halafu Windows, Ctrl na C zinakizima na kukiwasha papo hapo. Usipoiwasha kwanza, vitufe hivyo havitafanya kitu. Kama ni majedwali tu, binafsi sioni ubaya kukiacha siku nzima.

Mtunza_Stoo

Mwenzangu amekubali alama, bluu na chungwa anasema atamuuliza bosi kwanza kwa sababu faili linatumiwa na idara nyingine. Vitufe vinafanya kazi.

Kimebaki kitu kimoja. Kila mwezi naletewa ripoti ya PDF yenye grafu ya mistari mitatu: nyekundu, kijani na kahawia. Kwa kichujio nyekundu imejitenga, lakini kijani na kahawia bado zinagombana. Nimejaribu red weak, ikawa mbaya zaidi. Mtengenezaji wa ripoti simfahamu.

Fundi_Nuru

Kijani na kahawia zikikaribiana sana, tofauti ya kukuzwa ni ndogo, kwa hiyo kichujio hakina pa kushika. Jaribu Inverted kwa muda mfupi, huenda moja ikang'aa kuliko nyingine, ila siahidi. Muulize anayekuletea kama namba za grafu hiyo zinapatikana kwenye jedwali, uichore upya kwa mistari ya vitone na vistari.