Fomu ya kazi inauliza "utaendanaje na utamaduni wetu" kwa maneno 200. Naandika nini?

Bintimkwezi (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Nimeomba kazi ya mratibu wa ghala kwenye kampuni moja inayosambaza vifaa tiba hapa Dar. Fomu ni ya mtandaoni, nimejaza kila kitu isipokuwa swali hili: "Eleza mazingira ya kazi yanayokufaa na jinsi utakavyoendana na utamaduni wetu. Maneno yasizidi 200." Ndiyo hiyo kalcha fiti wanayoimba siku hizi. Chini yake wameweka maadili yao: uwazi, umiliki wa kazi, kusaidiana. Dirisha linafungwa kesho saa sita usiku.

Mpaka sasa nimeandika hivi: "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu, naweza kufanya kazi peke yangu au na wenzangu, hata chini ya shinikizo. Uwazi, umiliki na kusaidiana ndiyo maadili yanayoniongoza hata mimi." Naona ni pepesi ila sijui wanatafuta nini. Uzoefu wa ghala ninao. Msaada wenu, matusi hapana.

MzeeWaGerezani
Utamaduni? Waambie mdundiko unacheza na mkole umechezwa. Kazi yako hiyo.

Kaskazi
Dada yangu, usipoteze wino. Mimi nikiwa Doha niliwahi kuulizwa kwenye usaili jioni za wikiendi nafanya nini. Nikasema Ijumaa nipo msikitini, Jumamosi nalala. Wenzangu wote walikuwa wanazungumzia boti na gofu. Simu mpaka leo sijapigiwa. Hilo swali ni njia ya kuuliza "wewe ni wa kwetu?" bila kulitamka.

Fundi Saa
Kaskazi yuko sahihi nusu. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Marekani, Lauren Rivera, alichapisha utafiti wa mahojiano 120 na wanaoajiri kwenye benki za uwekezaji, kampuni za mawakili na za ushauri. Wengi walikuwa wanawapenda waliofanana nao, mpaka kwenye michezo na matembezi. Hapa kwetu kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila na mengineyo, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Lakini fomu ya maandishi yenye ukomo wa maneno kwa kawaida ni dalili kwamba kuna mwongozo wa alama. Nimechuja fomu za aina hiyo miaka mingi.

Bintimkwezi, anayesoma ana karatasi pembeni, tuseme alama ni sifuri mpaka nne. Jibu lako litapata moja. Halina ubaya wowote, ila halina kitu cha kupigia alama. Umewarudishia tangazo lao. Msomaji anatafuta jambo ulilofanya wewe, kwa mkono wako, na anataka kuona lilikugharimu nini. Mtu yeyote ni mwazi siku ambayo uwazi hauna hasara.

Halafu rudi kwenye tangazo, acha hayo maadili matatu. Kwenye majukumu wameandika nini kuhusu msimamizi na taratibu?

Bintimkwezi
Wameandika "awe na uwezo wa kufanya kazi bila usimamizi wa karibu katika mazingira yanayobadilika haraka". Ghala liko nje ya mji, wakubwa wako mjini.

Fundi Saa
Utamaduni wenyewe ndio huo. "Yanayobadilika haraka" mara nyingi ni kwamba taratibu hazijaandikwa, au zipo kabatini. "Bila usimamizi wa karibu" ni kwamba saa kumi na moja jioni utampigia bosi na hatapokea. Wanataka kujua ukikwama hapo utafanya nini. Toa tukio moja la namna hiyo. Na kama wewe ni mtu wa kutaka kila kitu kwa maandishi kabla hujanyanyua katoni, ni heri ulijue sasa.

Mchumi Kazini
Kuna kanuni rahisi: hali, jukumu, hatua, matokeo. Gawa maneno 50 kila kipande, umemaliza. Jaza na maneno ya tangazo kwa wingi, maana siku hizi kompyuta ndiyo inayosoma.

Fundi Saa
Mpangilio huo ni mzuri, mgawanyo siuafiki. Hali na jukumu visizidi maneno 50 vyote pamoja, hatua zipewe 100 au zaidi kwa sababu ndizo zenye alama. Kompyuta inaweza kuchuja wasifu, ila aya kama hii kwa kawaida inasomwa na mtu, tena kachoka. Na chungeni "tuli": tulifanya, tulihakikisha, tulifanikiwa. Nikisoma hivyo siwezi kujua nani alibeba na nani alishika taa.

Mama Pwagu
Mwanangu, swali la maneno mia mbili limekunyima usingizi na uzoefu unao? Kazi ya mwisho ulitokaje?

Bintimkwezi
Mkataba uliisha tu, mama.

Mama Pwagu
Uliisha au uliishwa?

Bintimkwezi
Haya. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, hawakuniendeleza. Barua yao ilisema "ameshindwa kuendana na utamaduni wa timu". Sasa nikiona neno hilo kwenye fomu mkono unaganda.

Ilikuwa hesabu ya mali ya robo mwaka. Mfumo unasema katoni 340 za glavu, rafuni ziko 312. Bosi akaniambia nirekebishe mfumo usome 312, ripoti itoke jioni ile. Nikakataa, nikaomba mpaka asubuhi. Nikapitia vocha za kutolea mali, nikaikuta moja haijaingizwa kwenye mfumo, mambo yakakaa sawa. Wiki mbili baadaye nikapewa barua.

Ila nimeshaamua, kazi hiyo sitaitaja popote. Naweka ile ya zamani ya duka la jumla, katikati naandika nilikuwa nauguza. Kila mtu anafanya hivyo, msianze.

Wakili wa Mtaani
Nenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, haraka sana! Una siku 30 tangu uachishwe. Kuna jamaa yangu alilipwa fidia akanunua bodaboda mbili.

Fundi Saa
Siku 30 ni kweli, lakini ulinzi ule dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Huyu alikuwa kwenye majaribio. Halafu kauliza habari ya fomu.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnakunywa chai bila vitafunwa. Mwanzo "uzoefu ninao", kisha "mkataba uliisha", sasa kageuka shujaa wa glavu. Upungufu wa katoni 28, na kwa bahati njema kuna vocha moja ya katoni 28 imelala droo gani sijui. Bosi mbaya, binti mwema, mwisho mtamu. Uzi huu kautunga mtu anayeuza huduma ya kuandika wasifu. Subirini namba ya simu.

MzeeWaGerezani
Mimi naomba chai ya tangawizi.

Bintimkwezi
Sina namba ya kuuza. Na vocha haikuwa ya 28, ilikuwa ya 23. Ilikuwa imebanwa nyuma ya hati ya kupokelea mzigo wa sindano, kadi ya rafu ilikuwa imepunguzwa ila mfumo haukuguswa. Tano sikuzipata mpaka leo. Nikaziandika kwenye ripoti kama upungufu, nikasaini. Hizo tano ndizo zilizomchemsha bosi, kwa sababu aliulizwa na wakaguzi. Sikuzitaja mapema kwa kuwa mtu akisikia mtunza ghala na katoni zimepotea, unajua anachofikiri.

Jicho la Tatu
Sasa hapo naanza kukusikia. Zile 28 kamili zilikuwa zinanukia.

Fundi Saa
Umesikia? Msomaji wa fomu ana pua hiyo hiyo. Hadithi iliyokaa sawa kila upande ndiyo anayoitilia shaka, na ukifika usaili atakuchimba hapo hapo: vocha ulizipangaje, nani alisaini? Tano zako ziandike. Ningeanzia hapa:

"Nafanya kazi vizuri mahali ninapoachiwa kuamua, mradi hesabu iandikwe ilivyo. Kwenye hesabu ya robo mwaka, mfumo ulionyesha katoni 340 za glavu na rafuni zilikuwa 312. Nilitakiwa nirekebishe mfumo ili ripoti itoke jioni hiyo. Niliomba mpaka asubuhi, nikalinganisha kadi ya rafu na vocha za kutolea mali moja baada ya nyingine, nikapata vocha ya katoni 23 ambayo haikuingizwa. Tano sikuzipata. Niliziandika kama upungufu, nikaeleza nilikotafuta. Ripoti ilichelewa. Nisipompata msimamizi, naandika nilichoamua na sababu yake, kisha kazi inaendelea. Ningependa kujua mapema nani mwenye mamlaka ya kubadilisha takwimu kwenye mfumo."

Ina nafasi bado. Bosi hakutukanwa, hata hakutajwa. Sentensi ya mwisho iache. Inaonyesha kwamba na wewe unawapima. Kama kuna kitu ulibadilisha baada ya hapo kiongeze. Kama hakuna, usikitunge.

Bintimkwezi
Hakuna, niliondoka kabla. Lakini ripoti kuchelewa si itanipunguzia?

Fundi Saa
Kwangu inaongeza, hiyo ndiyo gharama yenyewe. Kuna mchujaji mwingine atasema walitaka mtu wa kasi, na huenda kwao ni kweli. Ila hapo swali lao litakuwa limefanya kazi kwa pande zote mbili.

Linalonisumbua ni hilo la kuuguza. Fomu inaomba nini kuhusu waajiri waliopita?

Bintimkwezi
"Orodhesha waajiri wote wa miaka mitano iliyopita." Na mwisho kuna kiboksi cha kuthibitisha kwamba taarifa zote ni za kweli.

Kaskazi
Acha tu. Mimi niliruka mwajiri mmoja kwenye wasifu wangu na dunia haikusimama.

Mchumi Kazini
Watakuona kwenye NSSF. Michango ya mwajiri wa zamani inasomeka.

Fundi Saa
Taarifa ya michango ni ya mwanachama, mwajiri mpya anachohitaji ni namba yake. Hofu si hiyo. Kwenye wasifu unachagua cha kuweka, Kaskazi hakudanganya mtu. Hapa wamesema "wote" na unathibitisha. Ikijulikana baadaye, sababu ya kukuondoa unakuwa umewaandikia mwenyewe. Zaidi ya hapo, ukiifuta kazi hiyo, glavu unazihadithia ulizihesabu wapi? Duka la jumla?

Bintimkwezi
Duka la jumla nalo lilikuwa na ghala.

Jicho la Tatu
La glavu za hospitali? Chai imerudi jikoni.

Bintimkwezi
Nimewaelewa, ingawa ninyi hamna kodi ya mwezi ujao inayowasubiri. Nimeiweka. Sababu ya kuondoka: "Mkataba haukuendelezwa baada ya kipindi cha majaribio." Jibu la glavu nimelipunguza kidogo, limetoka maneno 80. Nimetuma.

Mama Pwagu
Vizuri. Na wadhamini watatu umewaweka akina nani?

Bintimkwezi
Mwalimu wangu wa chuo, mwenye duka la jumla, na mhasibu wa pale pale nilipoachishwa. Yeye alikuwepo siku ya hesabu.

Mama Pwagu
Umemwambia kwamba umemweka?

Bintimkwezi
Ndiyo nampigia sasa hivi, mama. Hapokei.