Muuza mbao ananiita mwizi kwa hundi aliyoiwahisha benki mwenyewe!

Seremala_Kisauni: Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule muuza mbao mwenye sauti ya mnada. Leo asubuhi kaingia karakana yangu, mafundi wapo, mteja wa kabati yupo, akanirushia hundi kifuani: "Mwizi wewe! Karatasi yako kafungie bajia!" Kifuani, jamani! Sauti imefika Likoni, feri nusura igeuke.

Tulipatana mbao nichukue, pesa tarehe 28 hoteli ikishanilipa. Nikamwandikia 68,000, tarehe 28 inasomeka hata na kipofu. Yeye tarehe 9 yuko benki! Imerudishwa kwa kuwa siku haijafika. Mimi ndiye wa kurushiwa karatasi kifuani?

Mzee_wa_Kaloleni: Dada, tahadhari. Kenya hii hundi ikirudi ni jela. Mwaka mmoja, au faini elfu hamsini, au vyote viwili.

Mkaguzi_wa_Hundi: Adhabu hiyo ipo, mzee, kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Lakini kifungu hichohicho kinasema kosa la kuandika hundi huku akaunti haina pesa za kutosha halihusu hundi ya tarehe ya mbele. Huyu muuza mbao aliiona tarehe na akaipokea. Anachoweza kudai ni deni lake, siku yake ikifika.

Ila dada, usidhani benki itaiona tarehe kila mara. Siku hizi inayosafiri kati ya benki ni picha ya hundi, na jicho linaweza kupitiwa. Ingelipwa tarehe 9, benki ingekuwa imetoa pesa bila idhini yako, na ungeandika barua siku hiyohiyo kudai irudishwe. Hasa kama hundi zako nyingine zimebaunsi kwa sababu salio limeliwa mapema.

Seremala_Kisauni: Mbele ya mteja wa kabati! Na sasa hivi kapiga simu, eti nigeuze 28 iwe 18, nitie sahihi pembeni, yaishe.

Mzee_wa_Kaloleni: Tia sahihi, dada. Tumefanya hivyo miaka yote.

Mkaguzi_wa_Hundi: Miaka ya karatasi, mzee. Kisheria aliyeandika akikubali badiliko, linamfunga. Lakini kwenye picha, 2 iliyokandamizwa ikawa 1 inaonekana kama udanganyifu, na benki huirudisha. Ukikubali siku mpya, andika hundi mpya, na ile ya kwanza uipate mkononi kabla hujatoa ya pili. Usimwachie zote mbili.

Baharia_Mstaafu: Nyie mnalia na tarehe. Mimi nilimwandikia fundi bomba 8,000, akachukua 18,000! Niliandika "elfu" mwisho wa mstari mmoja, "nane" mstari wa pili, mbele kidogo, katikati pana nafasi. Akachomeka "kumi na", na 1 mbele ya tarakimu. Benki inasema si kosa lake.

Mkaguzi_wa_Hundi: Hapo pagumu, bwana. Kuna kesi ya London ya mwaka 1918, Macmillan. Karani alimpa bosi hundi ya pauni 2, sehemu ya maneno iko tupu, tarakimu ina nafasi pande zote. Bosi akatia sahihi haraka. Karani akaongeza 1 na 0, akaandika maneno, akatoka na pauni 120. Mabwana wa Sheria wakaamua hasara ni ya bosi aliyetia sahihi, kwa sababu yeye ndiye aliyeacha mlango wazi. Lakini kama fundi alifuta au kukwaruza na alama zinaonekana, benki ilipaswa kuzuia. Omba picha ya hundi utazame wino.

Baharia_Mstaafu: Nafasi ilikuwa ndogo mno! Kama ukucha!

Mkaguzi_wa_Hundi: "Kumi na" ilienea. Anza ukingoni kabisa, maneno yakaribiane, na panapobaki piga mstari mpaka mwisho.

Seremala_Kisauni: Jamani, uzi ni wangu. Nimerushiwa hundi KIFUANI.

Mama_Mhazini: Pole, dada. Samahani, hundi ya chama chetu imekaa kabatini tangu mwaka jana, nayo ni ya tarehe ya mbele?

Mkaguzi_wa_Hundi: Hiyo ya nyuma, mama. Miezi 6 ikipita tangu tarehe iliyoandikwa, benki huikataa. Deni halijafa, rudisheni hundi kwa aliyeiandika awape mpya.

Mama_Mhazini: Aliyeiandika amefariki, mwezi wa Shaabani.

Mkaguzi_wa_Hundi: Innalillahi. Basi hata ingekuwa ya jana, benki ikijua kifo chake haiilipi. Dai hilo sasa linakwenda kwa wasimamizi wa mirathi.

Mama_Mhazini: Nao ndio hao wanaogombana mahakamani.

Baharia_Mstaafu: Mirathi ya nani? Ile ya nyumba ya Majengo?