Tupeane uzoefu: ulimwandikiaje msimamizi kuomba maoni juu ya muhtasari kabla ya kuwasilisha?

Mwana wa Kibirizi (Kigoma)
Naanza mimi. Mara ya kwanza nilituma slaidi 24 na maneno mawili matatu: "Naomba maoni yako Dokta." Akajibu, "Ziko vizuri, endelea." Siku ya kuwasilisha yeye mwenyewe akaniuliza mbele za watu kwa nini wastani wangu wa dagaa unaporomoka kila mbalamwezi. Sikuwa na jibu. Iliniuma sana.

Safari ya pili niliandika siku 7 kabla, muhtasari wa mistari 6 ukiwa ndani ya barua yenyewe:

"Shikamoo Dokta. Alhamisi ijayo nawasilisha kwa dakika 15. Nina mashaka mawili. Hoja ya 3: usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa taa hawatoki, nami nimeuhesabu kama sifuri. Naona usiku huo unapotosha wastani, ila nikiuondoa naogopa nitaonekana nachagua takwimu. Hoja ya 5: kufungwa kwa ziwa Mei hadi Agosti 2024, nimeipa dakika 4. Kubaki hivyo au sentensi moja inatosha? Nikipata jibu Jumatatu, nitakuwa na siku mbili za kuchora upya."

Jioni ileile akajibu: "Sifuri hiyo ni ya mtumbwi kutotoka, si ya ziwa kukosa samaki. Gawa kilo kwa vyombo vilivyotoka usiku huo. Idadi ya vyombo iwekee mchoro wake." La pili hakuligusa.

Mama Asali (Tabora)
Yangu haikufika kabisa! Picha za mizinga zilizidi MB 25, Gmail ikazigeuza kiungo cha Drive, mwalimu kufungua akaambiwa aombe ruhusa. Siku tatu mimi nasubiri maoni, yeye anasubiri ruhusa.

Msafiri
Siku 7 ni nyingi mno. Tuma siku 2 kabla, slaidi zikiwa zimekamilika, aone kitu kizima.

Dada wa Ujiji
Msafiri, kuona kitu kizima ni kweli kunasaidia. Lakini mimi nasimamia wanafunzi, na siku 2 kabla nabaki kusahihisha tahajia. Nikiona hesabu imekosewa, michoro yote imeshachorwa, mtoto wa watu hatalala. Shaka lenye namba ya hoja, na alichojaribu mwenyewe, nalijibu kwenye simu nikiwa foleni ya benki.

Mwana wa Kibirizi, la pili ungemaliza hivi: "Usiponielekeza vinginevyo, nitalitaja kwa sentensi moja." Hapo ukimya wake nao ungekuwa jibu.

Mwana wa Kibirizi
Asante dada. Nililitaja kwa sentensi moja kweli, ila niliingia ukumbini na wasiwasi.

Kijana wa Urambo
Na mwenye wasimamizi wawili? Niliwaandikia wote barua moja. Mmoja akasema hoja ya 2 itoke, mwingine akasema ndiyo roho ya kazi. Nawasilisha Ijumaa, na hoja ya 2 bado ipo.