Nimerekodi simu na wakala kuhusu hela iliyokatwa mara mbili, naombeni msaada wa kuifupisha

BintiMbuyuni: Wakuu habari zenu. Niko Moshi, Jumanne nilienda kwa wakala pale karibu na soko la Mbuyuni kutoa laki mbili na nusu, mtandao ukawa unasumbua, akaniambia rudia, nikarudia, kumbe zote mbili zimepita. Cash nimepewa mara moja tu. Jioni nikampigia nikarekodi, simu ina dakika 14 na ameongea mambo mengi. Huduma kwa wateja wamesema niandike maelezo mafupi, hawawezi kusikiliza yote. Nimeandika hivi, mnionee kama iko sawa:

"Wakala amekubali kuwa hela ya pili iliingia kwake saa 5. Jumla ni 500. Namba ya muamala ni 7QK4880ZLM."

Hela ni ya ada ya mdogo wangu, na Ijumaa shule wanaitaka.

BabaPasua: Pole dada. Mimi mwaka jana nilituma elfu 60 kwa namba ya mtu nisiyemjua, ukiwahi kupiga wanairudisha. Wapigie haraka.

BintiMbuyuni: Asante kaka ila yangu sio kukosea namba, nilikuwa natoa.

KarateDesk: Hiyo "saa 5" itakuponza, anayesoma ofisini atafikiri ni saa kumi na moja jioni. Futa alichosema wakala, weka saa ya kwenye meseji tu.

MamaFloti: Nimekuwa wakala miaka sita hapa Majengo, ngoja nikusaidie mdogo wangu. KarateDesk yuko sawa kuhusu saa, ila usifute maneno ya wakala, maana ndio unayoyalinganisha na meseji. Alisemaje hasa, na meseji zako zinasema saa ngapi?

BintiMbuyuni: Shikamoo mama. Alisema "ya pili naiona, saa tano kasoro dakika saba". Meseji ya kwanza 10:41, ya pili 10:53.

MamaFloti: Marahaba. Saa tano kasoro saba ndio hiyo 10:53, kwahiyo amekubaliana na meseji yako kabisa, na wewe kwa kuandika "saa 5" umepoteza huo ushahidi. Andika zote mbili. "500" nayo sisi tunaelewana mtaani, ofisini ni shilingi mia tano, weka 500,000 na useme ni miamala miwili ya 250,000. Namba ya muamala usiandike ulivyoisikia, kwenye simu B na 8 zinachanganya, inakili kwenye meseji. Na zinatakiwa mbili, wewe umeweka moja.

Sasa kubwa zaidi. "Amekubali iliingia kwake", alisema hivyo kweli?

BintiMbuyuni: Nimerudia kusikiliza. Duh, alisema "meseji naiona ila floti sijaona ikiongezeka".

MamaFloti: Basi hajakubali, na ukiandika amekubali wakaja kusikiliza rekodi, na ya kweli hawatayaamini. Mteja akitoa, cash ya wakala inapungua na floti yake inapanda kiasi kilekile. Je, kuna mahali alikutajia salio lake?

BintiMbuyuni: Ipo mama!! Dakika ya 9, alikuwa anajisomea tu mwenyewe, mi nikaona haina maana. Baada ya ya kwanza milioni moja laki moja arobaini na tano, baada ya ya pili milioni moja laki tatu tisini na tano.

MamaFloti: Toa hapo. 1,395,000 kasoro 1,145,000 ni 250,000. Hiyo ndio roho ya maelezo yako.

KarateDesk: Lakini katikati ya hizo dakika 12 si angeweza kuhudumia mtu mwingine?

MamaFloti: Inawezekana, ndio maana asiandike "imethibitika". Aandike salio alilosema, aombe wakague taarifa ya miamala ya laini ya wakala kati ya 10:41 na 10:53. Na PIN usimtajie mtu yeyote.

BintiMbuyuni: Nimeandika upya:

"Jumanne nilitoa 250,000 mara mbili kwa wakala mmoja: 10:41 asubuhi, namba 7QK4B80ZLM, na 10:53 asubuhi, namba 7QK4BB1ZTW. Jumla imekatwa 500,000 pamoja na makato mara mbili, nimepokea cash 250,000. Kwenye simu niliyorekodi (dakika 14) wakala anasema anaiona meseji ya pili ya 'saa tano kasoro dakika saba', yaani 10:53, ila hajaona floti ikiongezeka. Dakika ya 9 anasoma salio lake: 1,145,000 baada ya muamala wa kwanza, 1,395,000 baada ya wa pili. Naomba mkague miamala ya laini yake kati ya saa hizo."

MamaFloti: Hapo sawa. Ongeza namba ya wakala, iko kwenye meseji zako zote mbili.

BabaPasua: Wakikataa je?

MamaFloti: Anadai namba ya malalamiko na jibu la maandishi, akitoka hapo anapeleka Benki Kuu, wana tawi Arusha. Ila kwa Ijumaa sidhani kama itawahi, aongee na shule mapema.

BintiMbuyuni: Namba ya wakala nimeweka, naenda kutuma sasa hivi. Shule nitapiga kesho asubuhi.