Simu ya zamani ni ya Kiswahili, mpya ni ya Kiingereza: nifananishe lugha kwanza, au nihamishe zikiwa hivyo hivyo?

Mkwe_wa_Pangani:
Habari zenu, ndugu zangu. Mama mkwe wangu ana simu ya Android ambayo tangu ainunue ameiweka katika Kiswahili, na sasa wanawe wamempa iPhone. Kwa kuwa iPhone haina Kiswahili miongoni mwa lugha za kuendeshea simu, tumeiwasha kwa Kiingereza. Tunataka kutumia programu ya Move to iOS ili kuhamisha majina, picha, na hasa WhatsApp, kwa sababu humo zimo sauti za marehemu baba mkwe. Naona njia tatu mbele yangu: kuibadili simu ya zamani iwe ya Kiingereza kabla ya kuanza, kuiacha katika Kiswahili chake, au kuachana na programu hiyo na kuhamisha kimoja kimoja kwa mkono. Mama anasoma Kiswahili tu, mimi nasoma zote mbili. Ninyi mngechagua njia ipi?

JumaK_Morogoro:
Badili lugha kwanza, dada yangu. Lugha mbili zikikutana katika uhamishaji, majina yanaharibika. Nilishuhudia simu moja ambayo baada ya kuhamishwa herufi ziligeuka alama za ajabu, na mwenyewe akashindwa kumtambua hata mmoja katika orodha yake.

Fundi_Msimbazi:
Bwana Juma, sikatai ulichokiona, lakini chanzo chake hakikuwa lugha ya simu. Jina «Bi Mwanaisha» limehifadhiwa kama lilivyoandikwa, iwe simu ni ya Kiswahili, Kichina au Kiarabu. Lugha ya simu hubadilisha maandishi ya vitufe na mpangilio wa tarehe, haigusi kilichohifadhiwa. Alama za namna hiyo nimeziona mara nyingi pale majina yalipotolewa kwenye simu za zamani sana kwa faili, kisha yakasomwa kwa mfumo mwingine wa herufi.

Hata hivyo, dada, lugha ina uzito katika jambo moja, nalo ni maulizo yanayojitokeza njiani. Katika simu ya zamani utaulizwa na wawili. Wa kwanza ni programu yenyewe ya Move to iOS. Wa pili ni mfumo wa Android, ambao huuliza kwa lugha ya simu, na huyo ndiye anayeharibu kazi za watu. Kwanza ataomba ruhusa za kufikia majina, picha na ujumbe, na mtu akibonyeza «Usiruhusu» akidhani ni «Ruhusu», sehemu hiyo haitavuka. Kisha, uhamishaji unapoanza, iPhone hutengeneza waifai yake ya muda ambayo haina intaneti. Android ikiiona huweza kutoa onyo kwamba mtandao ni dhaifu. Onyo hilo halina neno, mlipuuze. Mtu asiyelielewa hukubali kurudi kwenye mtandao wa kawaida, na hapo simu mbili zinaachana.

Kwa hiyo mimi nauliza: ni nani atakayeishika simu ya zamani? Kama ni mama, iacheni katika Kiswahili, maana maulizo yale ni yake kuyajibu. Kama ni wewe peke yako, lugha yoyote unayoisoma kwa haraka inafaa. Kama mtaibadili, fanyeni hivyo kabla ya kuanza. Ukitoka kwenye Move to iOS kwenda Mipangilio katikati ya kazi, uhamishaji unakatika. Hata simu ikipigwa kwenye Android hiyo, unakatika pia.

Mwl_Kisumu:
Samahani kuingilia. Je, ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa kwa Kiswahili utageuka kuwa Kiingereza ukifika kwenye iPhone? Ninao ujumbe wa wazee wangu kwa Kijaluo ambao singependa uguswe.

Fundi_Msimbazi:
Hautaguswa, mwalimu. Hakuna kinachotafsiriwa katika uhamishaji.

Salha_Maskati:
Mimi niko Maskati na nilimsaidia dada yangu kuhamisha kutoka simu iliyokuwa ya Kiarabu. Nilikosea kwa kuzoea mahali pa vitufe badala ya kusoma. Kiarabu kinapogeuza ukurasa uanzie kulia, vitufe navyo huhama upande, kwa hiyo kile nilichokibonyeza nikidhani ni cha kuendelea kilikuwa cha kurudi nyuma. Nilianza upya mara mbili. Kiswahili na Kiingereza havina tatizo hilo, kwani vyote huanzia kushoto, lakini mtu akikuelekeza kwa maneno «bonyeza cha kulia», mwambie akusomee neno lenyewe. Pia tulikuwa tukielekezana kwa simu, naye akaipokea kwenye simu ile ile iliyokuwa inahamishwa. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ilisimama. Hata hivyo, Fundi, bado naona msaidizi akiwa mbali ni heri simu zote mbili ziwe katika lugha ya msaidizi.

Fundi_Msimbazi:
Dada Salha, hapo tunatofautiana. Msaidizi aliye mbali hakioni kioo, na aliyekishika hawezi kumsomea lugha asiyoijua.

JumaK_Morogoro:
Nimekubali kuhusu herufi. Ila njia ya tatu msiidharau. Majina yakiwa katika akaunti ya Google na picha zikiwa zimepakiwa, huhitaji simu mbili zizungumze kabisa.

Fundi_Msimbazi:
Kwa majina na picha uko sahihi. Lakini sauti za marehemu zimo ndani ya WhatsApp, na nakala ya WhatsApp iliyowekwa Google na Android hairudishwi kwenye iPhone. Kwa ajili hiyo mimi ningepita Move to iOS. Namba ya simu iwe ile ile, iPhone iwe haijamaliza kusanidiwa, na zote mbili ziwe kwenye chaja.

Mkwe_wa_Pangani:
Nimerudi na matokeo. Tuliiacha simu ya mama katika Kiswahili, akakaa nayo mkononi, nami nikashika iPhone. Tulizima kwanza data ya simu. Kwenye iPhone nilichagua `From Android`, nikabonyeza `Continue`, ikatoka namba ya siri, nikamtajia mama tarakimu moja moja. Maulizo ya ruhusa aliyasoma kwa sauti na kuyajibu mwenyewe. Onyo la mtandao lilipotokea alinitazama, nikamwambia aliache. Katika orodha tulichagua WhatsApp, tukabonyeza cha kuanza, tukasubiri iandae nakala.

Nusura tuharibu mwishoni. Simu ya zamani ilisema imemaliza, mama akataka kuifunga, ilhali mstari kwenye iPhone ulikuwa haujafika. Tuliziacha zote mbili hadi iPhone nayo ikamaliza. Baada ya kusakinisha WhatsApp na kuingia kwa namba ile ile, sauti zote zipo, naye amezisikiliza jioni nzima.

Kilichobaki ni majina kama kumi na tano ambayo hayaonekani. Mama anasema ni ya zamani, tangu ile simu yake ya vitufe.

Fundi_Msimbazi:
Hayo huenda yamo kwenye laini, si kwenye simu. Mkishahamishia laini kwenye iPhone, fungua mipangilio ya `Contacts` na ubonyeze `Import SIM Contacts`. Kama hayatatokea, rudisheni laini kwenye simu ya zamani, mama afungue majina na kuangalia yamehifadhiwa wapi, kisha utuandikie anachokiona.