Sigara msibani: kukataa bila kumkwaza mzee

Wakuu, naomba ushauri, hasa wenyeji wa Moshi. Usiku wa msiba, wanaume wakiota moto, pakiti huzungushwa mkono kwa mkono. Kuipokea kwa mkono wa kulia, kusema "Asante mzee, situmii, ila chai nitakunywa", kisha kumpa wa pembeni, huwa kunatosha: anayetoa anataka upokee ukarimu wake, si lazima moshi. Kinachoudhi ni kutikisa kichwa bila neno, au kuanza somo la mapafu mbele ya wafiwa. Ukichukua sigara ukaiweka sikioni, ndiyo kabisa, utaletewa kiberiti.

Sasa, mzee akishachomoa moja akakunyooshea, njiti tayari inawaka, mnasemaje? Shikamoo ilishatolewa, na njiti haisubiri maelezo.